Luku Inapoisha

Sini ilikuwa na kurasa saba, chumba kimoja na mtu mmoja. Mwanamke wa miaka arobaini hivi amekaa kitandani katika chumba cha kupanga, Manzese, saa tatu usiku, anarekodi ujumbe wa sauti kwa kaka yake mkubwa aliyeko Mwanza. Anaanza na shikamoo na habari za watoto. Anaishia kukiri kwamba shamba la marehemu baba yao kule Mkuranga ameshaliuza, na hela yenyewe imeshaliwa. Ni dakika tisa kasoro kidogo. Hakuna anayebisha hodi, hakuna anayejibu, na kamera haitoki nje hata mara moja.

Mara ya kwanza niliipiga vibaya. Nilikuwa nimenunua slaida ya mita moja, ile reli fupi ya kutelezeshea kamera, na wahenga walishasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Slaida ile ndiyo iliyokuwa kidonda changu. Nilihofia kwamba watazamaji watachoka na chumba kimoja, basi nikaitembeza kamera dakika zote tisa, kushoto kwenda kulia, kulia kurudi kushoto, taratibu, kama feni inayogeuza shingo. Taa nazo nilizibadilisha mara tatu, kwa kuwa tu nilikuwa na kitufe cha kupunguzia mwanga na mkono wangu haukutulia.

Tukaketi watu sita chumbani kwa mhariri kuitazama. Dakika ya tatu mmoja alikuwa ameshashika simu yake. Ilipoisha, mama mmoja mtu mzima, jirani wa mhariri aliyekuwa amealikwa chai, aliuliza swali ambalo sijalisahau: "Mwanangu, huyo mwenye kamera alikuwa anatafuta nini humo ndani?"

Alikuwa amemwona mwenye kamera. Kwa dakika tisa alipaswa kumwona dada wa watu anayeungua moyo kitandani, yeye akawa ananitazama mimi nikienda na kurudi.

Sini ya mtu mmoja mahali pamoja haichoshi kwa sababu kamera imetulia. Inachosha pale ambapo jicho limeshamaliza chumba na halijapewa kitu kipya cha kushika. Chumba cha mita tatu kwa tatu na nusu jicho hukimaliza upesi: kitanda cha nne kwa sita, chandarua, ndoo mbili, kalenda ya mwaka jana, feni juu ya stuli. Baada ya hapo umebaki uso na maneno. Ukiitembeza kamera bila kuongeza habari, jicho hulipokea tembezi hilo kama ahadi. Linadhani kuna kitu kinakuja upande ule. Likiahidiwa mara nne na kudanganywa mara nne, linaacha kuamini, na mtu anashika simu.

Kuna njia mbili za kuligundua kosa hili kabla hujawaita watu. Ya kwanza ni kuitazama sini bila sauti. Kama huwezi kusema ni wapi mhusika amebadili nia, basi mwendo wa kamera na mwanga wako havisemi lolote. Ya pili ni kufumba macho na kusikiliza maneno peke yake, kisha kuandika dakika na sekunde ya kila mahali ambapo sauti inageuka. Linganisha orodha hiyo na mahali ulipoisogeza kamera. Yangu haikukutana hata mahali pamoja. Mwigizaji alikuwa amegeuka mara nne, kamera ilikuwa imegeuka mara kumi na moja, na kila mmoja alikuwa na safari yake.

Kwa hiyo tulirudi kwenye karatasi. Niliketi na mwigizaji, dada aliyezoea jukwaa, tukazisoma kurasa saba kwa sauti na kupiga mstari kila mahali ambapo mwanamke yule anaacha kufanya jambo moja na kuanza jingine. Kwanza anapaka mafuta: salamu, watoto, mvua. Halafu anaanza kuzunguka, anamtaja mnunuzi kama mtu aliyepita tu kuulizia. Halafu anavunjika na kusema kweli. Mwisho anajitetea, na utetezi unageuka kuwa hasira kwa kaka ambaye miaka yote hakutuma hata senti ya kumuuguza mzee. Mistari yetu ilikuwa mitatu tu. Nikaamua kwamba dakika tisa zile zitakuwa na mabadiliko makubwa matatu, kila moja juu ya mstari wake, na katikati yake kamera itakaa ilipo kama mgeni mwenye adabu.

Dakika mbili za kwanza kamera haikusogea kabisa. Tuliiweka mlangoni, mita mbili na nusu kutoka kitandani, kwa lenzi ya milimita 35, na kati yake na mwigizaji palikuwa na upande mmoja wa chandarua ulioachwa kushuka. Ule wavu ulinisaidia kuliko slaida. Feni ilikuwa ikiupeperusha, kwa hiyo ndani ya picha iliyotulia palikuwa na kitu kinachotembea, na kilichotembea kilikuwa mali ya chumba. Mtazamaji alikuwa anamtazama mtu kupitia pazia linalopumua, wakati mtu huyo anaficha jambo.

(Feni yenyewe ilikuwa ya uongo. Ukirekodi maneno huku feni inavuma, huwezi kukata popote bila mvumo kuruka, na kipaza sauti hakipendi upepo. Tuliizima, tukarekodi mvumo wake peke yake baadaye, na kijana mmoja alikaa uvunguni na kipande cha boksi akipepea chandarua. Ukiitazama sini hiyo ukajua hili, utacheka mahali pasipo pa kucheka.)

Juu ya mstari wa kwanza, pale anapomtaja mnunuzi, kamera ilianza kusogea mbele. Ilisogea sentimita 80 kwa sekunde 90, yaani chini ya sentimita moja kwa sekunde. Kwa mwendo huo mtazamaji haoni kamera ikienda. Anachohisi ni kwamba yule mwanamke amekuwa karibu, na hajui lini. Ukiongeza kasi mara tatu, mwendo unaonekana, na mtazamaji anajua kwamba ameambiwa "sasa sikiliza." Yapo maneno yanayostahili kuambiwa hivyo. Uongo mdogo kuhusu mnunuzi aliyepita tu kuulizia si mojawapo. Uongo unafaa kunyemelewa.

Mafundi wengi wa kwetu hapa husogea kwa zumu, kwa sababu zumu haihitaji reli wala sakafu nyoofu. Lakini hivyo ni vitu viwili tofauti. Kamera inaposogea kweli, vitu vya nyuma vinabadilisha mahali pake: kalenda inajificha nyuma ya bega, ukuta unabaki mbali, uso unakuja. Mtazamaji anahisi mwili wake umeingia chumbani. Zumu inakuza kila kitu kwa pamoja, uso na ukuta, kama mtu aliyekata kipande cha picha na kukipanua. Si kwamba ni mbaya. Filamu ya The Godfather ya mwaka 1972 inaanza na uso wa mtu mmoja gizani akieleza masaibu ya binti yake, na kwa dakika kadhaa zumu inarudi nyuma polepole mno, kwa lenzi iliyoendeshwa na mtambo uliopangiwa muda, mpaka bega na mkono wa anayesikiliza vinaingia kwenye picha. Pale ubapa wa zumu ulifaa. Yule mtu amebandikwa kizani kama chapa, na tunagundua taratibu kwamba muda wote alikuwa akiomba mbele ya mkubwa. Yule mwanamke wa Manzese hakuwa anaomba mbele ya mtu. Alikuwa anazingirwa na chumba chake mwenyewe, kwa hiyo nilitaka kuta zisogee.

Kusogea kweli kuna gharama yake, na gharama kubwa ni fokasi. Ukifungua tundu sana na uso uko karibu na kamera, unene wa eneo linaloonekana kwa ukali ni sentimita chache tu. Mwigizaji akiegemea mbele kwa uchungu, macho yanaota ukungu. Hatukuweza kumwambia asiegemee, maana huo ndio uigizaji wenyewe. Tulibana tundu kidogo hadi f/4 ili tupate sentimita mbili tatu za ziada, tukaongeza mwanga kufidia, na tukaweka watu wawili kwenye kamera: mmoja wa kusukuma, mwingine wa fokasi tu, akiwa na vipande vya gundi vya rangi sakafuni kila sentimita ishirini. Bado shoti mbili kati ya tano ziliharibika.

Mstari wa pili ndio uliobeba sini nzima, nao haukuwa wa kamera bali wa taa.

Nilikuwa nimeitazama mara nyingi Buried, filamu ya mwaka 2010 ya mwongozaji Mhispania Rodrigo Cortés. Dakika zake zipatazo tisini na tano zote zimo ndani ya sanduku la mbao lililofukiwa ardhini, pamoja na mtu mmoja tu, dereva wa lori huko Iraki, aliyeigizwa na Ryan Reynolds. Ilipigwa Barcelona kwa siku 17, na mafundi walijenga masanduku saba ya kazi mbalimbali. Mengine kuta zake ziliondoka ili kamera ipate pa kupita. Watu huisifia kwa mizunguko ya kamera, na kuna shoti moja maarufu ambapo kamera inapanda juu, juu zaidi, hadi sanduku linaonekana kama kisima kirefu na yule mtu yuko chini kabisa, jambo lisilowezekana kwa sanduku lolote la kweli. Ni shoti nzuri. Mimi huona kazi kubwa zaidi ilifanywa na taa.

Filamu ile inaanza kwenye giza tupu, na kinachosikika ni pumzi tu. Kisha kiberiti cha mafuta kinawaka, na kila kitu kinakuwa cha rangi ya kaharabu. Baadaye inakuja simu na mwanga wake baridi wa kibuluu. Baadaye kuna tochi, na kijiti kile cha plastiki kinachovunjwa kikatoa mwanga wa kijani. Hakuna taa hata moja inayotoka nje ya sanduku. Kila rangi imewashwa na mkono wa yule mtu, na kila moja ina bei: kiberiti kinakula hewa anayoihitaji, simu inakula chaji anayoitegemea kuokolewa. Mwanga unapobadilika, mtazamaji hafikirii kwamba fundi taa amebonyeza kitu. Anafikiri kwamba yule mtu ametumia tena kidogo alichobakiwa nacho.

Nilijiuliza ni mwanga gani Manzese una bei ya namna hiyo. Jibu lilikuwa ukutani: luku. Umeme wa kulipia kabla, unaonunua kwa tarakimu ishirini na kuona uniti zikishuka, na kifaa chenyewe kinalalamika zikikaribia kwisha. Mwanamke ambaye hela ya shamba imeshaliwa hana uniti za kutosha usiku mzima. Katika mswada mpya tulimfanya aitazame luku mara moja mwanzoni, kwa jicho la pembeni, katikati ya habari za watoto. Hakuisema. Dakika ya nne na nusu, katikati ya sentensi "yule mnunuzi mwenyewe, kaka, mimi nilimwambia…", umeme ukaisha.

Kuzima taa ni rahisi, lakini kuizima ionekane umeme umekatika kulinigharimu nusu siku. Mwanga wa balbu ya dari haukutosha peke yake, kwa hiyo tulikuwa na taa nyingine iliyofichwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cheupe, ikiuongezea nguvu. Balbu ya kisasa hufa papo hapo. Taa yetu ya pili ilikuwa ya zamani yenye waya wa kuwaka, ambao huendelea kung'aa chembe ya sekunde baada ya umeme kwisha. Kwenye skrini ilionekana wazi: mwanga wa kwanza ukafa, wa pili ukafifia nyuma yake kama mwangwi. Hakuna nyumba yenye balbu moja ambayo giza linaingia kwa awamu mbili. Dawa ilikuwa kubadili taa ya pili iwe ya aina moja na ya kwanza, kisha zote kuchomekwa kwenye ekstensheni moja yenye swichi moja, chini ya kidole kimoja.

Balbu hizo za bei nafuu zina ugonjwa mwingine. Umeme wetu ni wa mapigo 50 kwa sekunde, na balbu isiyo na kifaa kizuri ndani hupepesa mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, lakini kamera inaona: mistari ya kivuli inapanda ukutani kama maji. Tulipiga kwa picha 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, ambayo inakwenda sambamba na mapigo hayo, na mistari ikatoweka. Ukiwa na kamera iliyowekwa picha 24 na shata ya 1/48, kwa sababu umesoma mahali kwamba ndiyo sinema, jiangalie.

Balbu ilipozimika, chandarua nacho kikasimama. Hili sikulipanga, kijana wa uvunguni ndiye aliyeacha kupepea bila kuambiwa, kwa sababu feni ikikosa umeme haigeuki. Mvumo ukashuka na kufa katika sauti, wavu ukatulia, na kwa mara ya kwanza chumba kikawa kimya kweli. Mwendo mdogo uliokuwa umeibeba picha kwa dakika nne uliondolewa, na kuondolewa kwake kukawa tukio. Nimekuja kuamini kwamba njia nzuri ya kupata badiliko mahali pamoja ni kuweka kitu kidogo mapema, mtazamaji akizoee mpaka asikione, halafu ukinyang'anye.

Giza lile tuliliacha tupu kabisa kwa sekunde mbili. Ndani ya sekunde hizo mbili palikuwa na mkato. Hitchcock alifanya hila ya jamaa hiyo mwaka 1948 katika Rope, ambako shoti za karibu dakika kumi ziliunganishwa kwa kuipitisha kamera mgongoni mwa mtu mpaka koti lijaze picha. Sisi tulikuwa na luku. Mkato huo ulitupa faida mbili. Mwigizaji hakuhitaji kubeba dakika tisa kwa pumzi moja. Alibeba nne na nusu, akapumzika, akabeba zilizobaki. Na kamera, bila mtu kuiona ikienda, ilihama kutoka upande wake wa kulia hadi wa kushoto. Katika nusu ya kwanza alikuwa akielekea kulia mwa picha anapozungumza. Sasa alielekea kushoto, ni kama yule aliyekuwa akidanganya amekaa hapa na anayemjibu amekaa pale.

Ndani ya kila nusu, ukiacha shoti ya mwisho, tulipiga mfululizo, mwanzo hadi mwisho, bila kukatakata vipande. Tom Hardy alifanyiwa hivyo katika Locke ya Steven Knight, filamu ya mwaka 2013 ambayo mtu mmoja anaendesha gari usiku kutoka Birmingham kwenda London huku akipiga na kupokea simu. Kwa usiku nane, gari likiwa juu ya trela, kamera tatu zilimrekodi akiipitia hadithi yote upya, na waigizaji wengine walikuwa wakimpigia kweli kutoka mahali pengine. Faida ni kwamba hasira ya dakika ya mwisho inakuwa imepikwa na dakika zilizotangulia. Lakini nasema pia kwamba Locke ina utajiri ambao chumba hakina: barabara yenyewe inaleta taa za machungwa, taa za magari, vivuli vya madaraja. Mwongozaji anayeiga utulivu wa kamera ile ndani ya kuta nne atashangaa mbona kwake hakuna kinachotokea.

Baada ya sekunde mbili za giza, tulifanya udanganyifu mmoja mdogo. Taa hafifu yenye ubuluu, iliyoelekezwa darini ili irudi chini bila kivuli, ilipandishwa taratibu kwa sekunde kama ishirini hadi kuonyesha ukingo wa bega na chandarua. Macho ya mtu yaliyoingia gizani huhitaji dakika nyingi kuzoea kikamilifu. Kwenye filamu sekunde ishirini zinatosha, na mtazamaji anadhani ni macho yake mwenyewe yaliyozoea. Katikati ya kuzoea huko ndipo tunaposikia kwanza, kabla hatujauona uso: "Nimeliuza, kaka."

Mwanga wa simu ulifuata, ukimpiga kutokea chini. Simu tuliyotumia ilikuwa ya kweli, ikiwa imewekwa mwanga wa juu kabisa, na tulizima ule utaratibu wa kujipunguzia mwanga yenyewe. Mara ya kwanza tulisahau, na dakika ya sita uso ulififia kwa hiari ya simu. Kamera tuliipandisha hadi ISO 3200. Kwenye vivuli palitokea chembechembe, nami niliziacha.

Kwa mstari wa tatu, pale anapogeuka kutoka kujitetea hadi kulaumu, nilikuwa nimepanga kamera isogee tena. Mwigizaji ndiye aliyenikatalia. Alisema mwanamke huyu, akishasema kweli, angetafuta mshumaa. Hakuna anayegombana gizani na simu yenye chaji ndogo. Akawasha mshumaa, akaushika mkononi, karibu na uso, kama sentimita 30, akaongea. Alipofika kwenye maneno kuhusu dawa za mzee aliunyoosha mkono na kuuweka mshumaa juu ya stuli, mara mbili ya umbali ule.

Umbali wa chanzo kidogo cha mwanga ukizidishwa mara mbili, mwanga unaofika unabaki robo. Kwa hiyo alipounyoosha mkono tu uso wake ulipoteza robo tatu ya nuru, ukuta wa nyuma ukajitokeza, na kivuli chake, kilichokuwa kikubwa na cha kutikisika, kikanywea. Hakuna swichi wala fundi aliyeweza kufanya badiliko hilo kwa usahihi ule, kwa sababu lilianzia ndani ya bega lake, kwa kasi ya hasira yake. Kamera wakati huo haikuwa kwenye reli. Ilikuwa imelazwa juu ya mfuko wa mchele wa kilo mbili, juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkono wangu umeishika kidogo tu ili picha ipumue.

Mishumaa tulinunua dazeni mbili. Mshumaa mmoja huonekana haupungui, lakini ukipiga mara tano, na katikati watu wanajadiliana huku unawaka, wa shoti ya kwanza na wa shoti ya tano hailingani urefu, na mwali unashuka kutoka usawa wa kidevu hadi usawa wa kifua. Tulikata yote kwa kisu hadi urefu mmoja, tukaanza kila shoti na mpya uliowashwa kwanza kwa nusu dakika, kwani utambi mpya hutoa mwali mdogo wenye kuruka. Katika shoti moja niliyoipenda kuliko zote mtu alifungua mlango wa nje, mwali ukalala upande, na uso mzima ukazimika juu ya neno "mzee". Mwigizaji aliendelea. Niliitaka sana shoti hiyo. Mhariri aliikataa, akasema upepo umefika kabla ya neno, si baada yake, kwa hiyo inaonekana kama tumeutuma. Alikuwa sahihi, nami sikuzungumza naye mpaka kesho yake.

Shoti ya mwisho tulirudi mlangoni, mahali palepale pa dakika ya kwanza, lenzi ileile ya milimita 35, urefu uleule wa kamera. Chumba ni kilekile, ila chandarua hakitembei na mwanga unatoka chini kwenye stuli badala ya darini, kwa hiyo vivuli vyote vimegeuka: vilivyokuwa sakafuni viko ukutani. Mwanamke ameishika simu. Ujumbe wa dakika tisa umo ndani, na kidole kiko juu ya kitufe. Anaupuliza mshumaa. Sasa kinachowaka ni kioo cha simu tu, na hatuoni kama ametuma au amefuta. Halafu simu, kwa kuwa hakuna aliyeigusa, inajizima yenyewe.

Tulibishana na mhariri juu ya muda wa giza hilo la pili. Yeye alitaka sekunde mbili, kama lile la kwanza. Nilitaka sita. Tulimwita yule mama jirani, tukamketisha na chai yake, tukamwonyesha ya sekunde nne. Giza lilipoingia hakusema kitu. Alisogeza kiti mbele, akawa analisikiliza.

Tukaacha nne.